Jinsi ya Kutoa Alama Kwenye Mashindano ya Kuteleza Mawimbini

Kila vijana wa huku Bagamoyo wanapojazana kwenye simu moja kuangalia mashindano ya kuteleza mawimbini, maswali huwa ni yaleyale. "Mbona yule aliyefika karibu na mchanga kapewa 4, na huyu aliyekaa sekunde chache tu kapewa 7?" Likijibiwa hilo, linafuata jingine: "Na hizo 9.33 zinatoka wapi?" Nimechoka kuyajibu kwa mdomo kila mara, nayaandika hapa. Ukifuata hatua hizi utaweza kukaa na wenzako, mkatazama pambano zima, mkatoa alama zenu wenyewe, halafu mkazilinganisha na za majaji.

Tukubaliane kwanza kuhusu bahari yetu. Mbele ya Bagamoyo kuna Unguja, mbele ya Tanga kuna Pemba, na kabla ya kutufikia kuna miamba. Mawimbi marefu yanayosafiri kutoka dhoruba za kusini mwa Bahari ya Hindi huishia upande wa mashariki wa visiwa. Kinachotufikia sisi wakati wa kusi ni mawimbi mafupi ya upepo, yanayofuatana haraka na kuvunjika ovyo. Watoto wanateleza nayo kwa vipande vya mbao na wanafurahi, lakini jicho la jaji haliwezi kufundwa hapo. Jifunze kwa video. WSL, wanaoendesha mashindano ya dunia ya kulipwa, huweka mapambano mazima YouTube, na hayo ndiyo utakayotumia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Watu 5 wa kutoa alama, na mmoja wa kuandika na kupiga hesabu. Mkiwa 3 mnaweza kuendelea, ila hatua ya 6 itabadilika kidogo.
- Video ya pambano zima la watu wawili, isiyokatwa. Usitumie zile video fupi za mawimbi matamu peke yake. Zinakuonyesha nyama bila mfupa na hutajua alama ya chini inafananaje.
- Karatasi na kalamu ya wino kwa kila mtu. Penseli hapana, maana mtu mwenye ufutio hubadilisha alama yake akisikia ya jirani.
- Kipande cha karatasi na gundi cha kuziba sehemu ya chini ya kioo, alama zinapotokea.
- Sauti ya simu izimwe. Mtangazaji akipiga kelele, mkono wako unaandika kelele zake.

Kabla ya hatua ya kwanza, shika sehemu tatu za wimbi, kwani nitazitaja sana. *Ukuta* ni ule uso ulioinuka ambao ubao unateleza juu yake. *Mdomo* ni ncha ya juu inayojikunja na kuanguka. *Bega* ni upande ambao bado haujavunjika, wenye mteremko laini, unaokwenda ukipungua hadi kuwa maji ya kawaida. Nguvu yote iko karibu na mdomo. Bega ni mahali pa kupumzikia.

Hatua

1. Tazama bahari bila kuandika chochote. Angalia dakika kadhaa za mwanzo, au pambano lililotangulia, ujue siku hiyo bahari inatoa nini. Je, mawimbi yanajikunja hadi kutengeneza tundu ambalo mtu anaweza kupita ndani yake? Au ni madogo na laini, yanayofaa kupiga kona na kuruka? Vigezo vya majaji ni vilevile kila mahali, lakini bahari ndiyo inayoamua kipi kitapewa uzito siku hiyo. Alama ni ya kulinganisha mawimbi ya pambano moja, kwa hiyo 7 ya leo na 7 ya mwaka jana kwenye bahari nyingine hazina undugu.

2. Fuata ubao tangu mtu anaposimama, na uandike bila kuinamisha kichwa. Tengeneza alama zako fupi: K kwa kona, T kwa kupita ndani ya tundu, R kwa kuruka, na mstari chini ya herufi kama tendo lilikuwa zito. Msalaba ni kuanguka. Wimbi linakwisha kabla hujamaliza neno moja, kwa hiyo ukiandika sentensi utakosa kona ya mwisho, na mara nyingi hiyo ndiyo kona iliyobeba alama.

3. Kwa kila kona jiulize: imepigwa wapi? Hapa ndipo wanaoanza wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kona inayopigwa begani na kona inayopigwa mdomoni zinaweza kufanana sana kwenye kioo cha simu. Zote mtu anapanda, anageuka, maji yanaruka. Tofauti ni gharama ya kukosea. Dereva wa bodaboda anayekata kona katikati ya uwanja mpana na anayeikata ukingoni mwa mtaro wamegeuza usukani sawasawa, lakini mmoja tu ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Kwenye wimbi, mtaro ni mdomo unaoanguka. Ukipanda ukakutana nao na kuchelewa hata kidogo, unakusukuma hadi chini na wimbi lako limeishia hapo.

Namna ya kutambua: simamisha video wakati ubao umefika juu kabisa. Tazama mambo matatu. Kwanza, mdomo uko umbali gani na ubao? Ukiwa unagusa au unapiga chini ya ubao, hapo ni penyewe. Kama kuna ukuta laini wa mita kadhaa kati yao, mtu yuko begani. Pili, ncha ya ubao inaelekea wapi? Ikielekea juu angani, amepanda wima na atalazimika kushuka wima, jambo gumu. Ikielekea ufukweni, amepita ubavuni tu. Tatu, mapezi ya chini ya ubao yanaonekana? Yakitoka majini halafu mtu akaurudisha ubao chini yake na kuendelea, ongeza alama bila kusita.

Onyo: maji yanayorushwa hewani hudanganya. Ni kweli kwamba kona yenye nguvu hurusha maji mengi, lakini upepo wa kutoka bara nao huyainua na kuyatawanya, hata kona ya kawaida ikaonekana kama mlipuko. Kabla hujayahesabu maji, tazama ubao umegeuka kiasi gani na kwa haraka gani.

4. Pima kasi kwa kutazama kinachotokea baada ya kona. Wengi hutazama kasi wakati mtu anashuka, lakini kushuka kila mtu hushuka kwa kasi, ni mteremko. Kasi ya mtelezaji hujulikana anapotoka kwenye kona. Akitoka na mwendo uleule au zaidi na kuingia kona inayofuata moja kwa moja, amelijua wimbi. Akitoka amesimama, akaanza kurukaruka juu ya ubao akiusukuma kwa miguu apate mwendo, hapo pameingia pengo. Kurukaruka huko si tendo la kupewa alama. Anaweza kufanya hivyo mara kumi na kufika mchangani, na usimwongezee kitu.

Na hili ndilo jibu la swali la yule aliyefika mbali. Urefu wa safari hauna alama peke yake. Wimbi refu linakupa nafasi nyingi za kufanya kitu. Usipozitumia, umepanda daladala hadi kituo cha mwisho tu.

5. Pima kujitoa. Hiki ndicho kigezo ambacho watu hudhani ni cha hisia, wakati kinaonekana kwa macho. Jiulize wakati ule mtelezaji alikuwa na njia gani mbili. Mdomo mbele yake unaanza kuanguka: anaweza kupita chini yake kwa usalama, au kupanda na kuupiga. Wimbi limeinuka ghafla wakati wa kusimama: anaweza kuliacha, au kusimama kwa kuchelewa na kushuka karibu wima. Aliyechagua njia ngumu na akaimaliza analipwa. Aliyechagua ngumu akaanguka halipwi kwa tendo hilo, hata kama lilianza vizuri mno. Hapa wageni wa mchezo hubisha sana, lakini kanuni iko wazi: tendo lisilomalizika halihesabiwi, na kumaliza maana yake ni kuwa bado umesimama na unautawala ubao.

Yapo mengine mawili yanayoangaliwa pamoja na haya: aina mbalimbali za matendo badala ya kurudia kona moja, na matendo mapya yenye ubunifu, hasa ya kuruka. Ukishaweza kutambua kona ya mdomoni, haya yatakuja yenyewe.

6. Andika alama moja, kimya kimya, kisha mpe karani. Alama huenda hadi 10, na jaji huandika kwa sehemu za kumi: 5.5, 6.8, na kadhalika. Ngazi zenyewe ziko hivi: chini ya 2 ni dhaifu; 2 hadi 3.9 hafifu, 4 hadi 5.9 wastani, 6 hadi 7.9 nzuri, 8 kwenda juu ni bora kabisa. Wimbi la kwanza la pambano ndilo kipimo chenu, kwa hiyo lipe alama kwa uangalifu kuliko mengine. Ukilipa 7 wimbi la kwanza lililo la kawaida, yakija mazuri mawili utajikuta umebanwa kwenye dari.

Karani akishapokea alama 5, anaondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, anajumlisha 3 zilizobaki na kugawanya kwa 3. Ndiyo maana unaona 9.33 wakati hakuna jaji aliyeandika 9.33: alama tatu za katikati zilijumlishwa zikafika 28.0, ukigawa kwa 3 unapata hiyo. Mkiwa majaji 3 tu, msiondoe yoyote, gawanyeni zote.

7. Chukua mawimbi mawili bora ya kila mtu na uyajumlishe. Mtu anaweza kupanda mawimbi mengi katika pambano moja, ila mawili tu ndiyo yanayohesabiwa, hivyo jumla ya juu kabisa ni 20. Zikilingana, mwenye wimbi moja bora zaidi ndiye mshindi.

Kuna jambo la haki ya kwanza pia. Mwenye haki ya kwanza anachagua wimbi analotaka, na mwenzake akimzuia hupigwa adhabu kwenye wimbi lake la pili kwa ubora, linahesabiwa sifuri. Hilo ni la jaji mkuu. Wewe mtoa alama, toa alama ya ulichokiona na umwachie yeye adhabu.

Mfano mmoja tuupige wote

Huu ni mfano wa mazoezi, wa fulana nyekundu na fulana ya buluu.

Nyekundu anapanda wimbi refu. Anapiga kona sita, zote begani, mbili kati yake akiwa amerukaruka kutafuta mwendo. Anafika karibu na ufukwe na kunyanyua mikono. Majaji wanaandika 4.5, 4.8, 4.0, 4.5 na 6.0. Ondoa 4.0 na 6.0, zinabaki 4.5, 4.8 na 4.5, jumla 13.8. Gawa kwa 3: 4.60.

Buluu anapanda fupi. Anasimama kwa kuchelewa, anashuka hadi chini kabisa, anapanda wima na kuupiga mdomo mapezi yakiwa nje, anatoka na kasi, anapiga ya pili pale wimbi linapofunga, anatua kwenye povu akiwa bado amesimama. Kona mbili, basi. Majaji: 6.5, 7.0, 6.8, 6.8 na 6.0. Ondoa 7.0 na 6.0, jumla ya zilizobaki ni 20.1: 6.70.

Mtazame jaji wa tano. Amewapa wote 6.0. Huyo alikuwa anahesabu kona, kwa hiyo sita za begani zikalingana na mbili za mdomoni. Alama yake imeondolewa mara zote mbili bila mtu kumgombeza, na hiyo ndiyo kazi ya kuondoa ya juu na ya chini.

Pambano linaendelea. Nyekundu anapata wimbi jingine la 5.20, jumla yake 9.80. Buluu anasubiri wimbi kubwa zaidi, haliji, na la pili alilonalo ni 2.50, jumla 9.20. Karani anatangaza anachohitaji Buluu: 9.80 toa 6.70 ni 3.10. Na kwa kuwa wimbi lake bora linalishinda la mwenzake, hata akipata 3.10 kamili, zikalingana, yeye ndiye mshindi. Anahitaji wimbi la hafifu tu, kona moja ya maana. Saa inaisha akiwa amekaa juu ya ubao. Nyekundu anashinda, na wimbi bora la siku ni la aliyeshindwa. Majaji hawakukosea chochote hapo.

Makosa ya kujihadhari nayo

Usimwongezee mtu kwa kushangilia kwake. Ile picha maarufu ya Gabriel Medina, mtelezaji wa Brazili, akiwa wima hewani kando ya ubao wake, kidole juu, huko Teahupo'o, Tahiti, tarehe 29 Julai 2024, ilipigwa wimbi likiwa limekwisha. Alama yake ya 9.90 ilitoka kwenye kile alichofanya ndani ya tundu la wimbi, kabla ya picha.

Usipende aina moja ya tendo. Medina huyohuyo na Kanoa Igarashi wa Japani walikutana nusu fainali ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, ufukwe wa Tsurigasaki wenye mawimbi madogo. Igarashi aliruka hewani, akazunguka na kutua, akapewa 9.33, na akashinda kwa 17.00 dhidi ya 16.76. Wabrazili walilalamika sana, na bado wapo wanaolalamika. Miaka mitatu baadaye wakakutana tena Teahupo'o, na safari hiyo tundu la wimbi ndilo lililolipa. Anayependa kuruka tu angeharibu pambano la pili, na anayependa tundu tu angeharibu la kwanza. Zoezi zuri ni kuyatafuta mapambano hayo mawili na kuyapa alama siku moja.

Usilipe ukubwa wa wimbi. Lipa kilichofanyika juu yake. Wimbi kubwa lililopandwa na kuteremkwa tu ni la kuanzia 2 au 3.

Mambo yakienda mrama

*Alama zetu zinapishana kwa 2 au 3 kila wimbi.* Mmoja wenu ana kipimo chake. Rudieni wimbi la kwanza, kila mtu aseme ameona kona ngapi mdomoni, si alama aliyotoa. Mkikubaliana mdomoni ni wapi, alama zitasogeleana zenyewe. Kupishana kwa nusu alama ni kawaida, msihangaike nako.

*Mawimbi yote nayapa 5 na 6.* Unaogopa kushuka. Mtu aliyesimama, akaenda kona moja laini na kuanguka, mpe 1 na kitu. Chini kukiwa wazi, juu utapata nafasi.

*Nimekosa sehemu ya wimbi.* Andika M kwenye kisanduku na usibahatishe. Karani atajaza kwa wastani wa wenzako. Hutokea hata kwa majaji wazoefu, hasa wawili wanapopanda mawimbi tofauti kwa wakati mmoja.

*Sioni kama anapiga kwa mbele au kwa mgongo.* Tazama kifua chake: kikielekea ukuta wa wimbi, anateleza kwa mbele, mgongo ukielekea ukuta, ni kwa mgongo. Haina alama ya ziada yenyewe, ila kupiga mdomo wima ukiwa umeupa wimbi mgongo hukufanya uone mdomo kwa kuchelewa, na hilo tayari umelihesabu kwenye hatua ya 5.

*Alama zetu na za kwenye video hazifanani kabisa.* Msilinganishe namba, linganisheni mpangilio. Yapangeni mawimbi ya pambano kutoka bora hadi dhaifu kwa alama zenu, kisha kwa alama za majaji. Mkiwa mmempata mshindi yuleyule na wimbi bora lilelile, huku namba zenu zote zikiwa juu kwa 1, mko vizuri. Shusheni tu kipimo. Kama mpangilio wenyewe umepinduka, tafuteni wimbi lililoupindua na mlisimamishe pale ubao ulipofika juu kabisa.